Kutafsiri Jarida na Kuandika Andiko la Kuomba Ruzuku

Likizo iliyopita, sisi wanafunzi watatu tukaao Temeke tuliombwa na chama kidogo cha hisani huko Mbagala tukitafsirie jarida lake kutoka Kiingereza. Lilikuwa na kurasa tatu tu, nasi tukagawana ukurasa mmoja mmoja. Hapo ndipo tulipokosea.

Chama hicho hufundisha ushonaji wasichana 12 walioacha shule. Tulipounganisha kurasa zetu, wasichana wale wale walikuwa "walengwa" katika ukurasa wa kwanza, "wasichana maskini" katika wa pili, na "wanafunzi wetu" katika wa tatu. Msomaji angedhani ni makundi matatu. Tena mmoja wetu aliandika "tunawaomba mfike", na mwingine "wazazi wanatakiwa kuhudhuria bila kukosa", kana kwamba ni hati ya mahakama! Mama mmoja aliyesomewa rasimu aliuliza, "Huyo maskini ndiye mwanangu?" Tuliinamisha vichwa.

Basi tulianza upya. Tuliandika katika karatasi moja maneno yote yaliyorudi mara kwa mara, tukachagua Kiswahili kimoja kwa kila neno: "wanafunzi wa ushonaji", "wachangiaji", "tunawaomba". Chama kikawa "sisi" tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha mtu mmoja alisoma jarida zima kwa sauti, maana sikio hutambua upesi mahali usemi unapogeuka.

Karatasi ile ilitufaa tena chama kilipoandika andiko la kuomba ruzuku ya cherehani. Andiko la namna hii huanza na shida, likafuata lengo, kazi zitakazofanywa, matokeo na jinsi ya kuyapima, halafu bajeti. Shida yataka hesabu kuliko machozi. Chama kina cherehani 4, yaani wanafunzi watatu kwa cherehani moja. Somo ni saa 3, mara mbili kwa juma. Kwa hiyo kila mmoja hushona saa 2 tu kwa juma. Zikiongezwa cherehani 2, atashona saa 3. Kipimo cha matokeo nacho ni chepesi: kufikia juma la 24, kila mwanafunzi awe ameshona sare moja ya shule peke yake.

Kosa letu la zamani lilijitokeza katika bajeti. Palikuwa na "posho ya warsha", lakini katika kazi hapakutajwa warsha yoyote. Kumbe ni posho ya mwalimu wa ushonaji, siku 48! Mtoa ruzuku angejuaje? Tuliweka kidole juu ya kila fedha iliyoombwa, tukatafuta kazi yake kwa jina lile lile. "Nauli" haikuwa na kazi, ikafutwa. Bei ya cherehani tuliithibitisha kwa hati ya bei kutoka dukani, nayo ikaambatishwa pamoja na nakala ya cheti cha usajili wa chama.

Andiko limekwisha pelekwa. Majibu bado.