Dondoo muhimu: Kumweleza mgonjwa majibu ya wingi wa virusi vya UKIMWI

Majibu yanaposomeka «chini ya nakala 50 kwa mililita», usiishie kwenye tarakimu, wala usithubutu kusema «umepona» au «huna virusi tena», kwani anayeamini hivyo aghalabu huacha dawa, na virusi vilivyojificha mwilini huanza kuzaana upya baada ya majuma machache. Sema hivi, kwa sauti ya faragha: «Mama, virusi katika damu yako vimekuwa vichache mno hata kipimo hakiwezi kuvihesabu. Bado vimo, ila dawa zimevifubaza. Madhali unaendelea kumeza dawa kila siku, na majibu yakabaki hivi, hutamwambukiza mwenzio kwa kujamiiana.» Maneno haya ya mwisho yatamke waziwazi, bila ya «labda» wala «pengine», kwa kuwa ni haki yake kuyajua. Iwapo ananyonyesha, mwarifu kwamba hatari kwa mtoto hupungua mno lakini haiishi kabisa, na dawa za mtoto zisikatizwe.

Ama majibu yakipanda, tuseme nakala 2,400, jiepushe na «umefeli». Sema «virusi vimeongezeka, natutazame pamoja sababu», kisha uulize kwa upole ni siku zipi dawa humponyoka, na kama ana dawa nyingine anazotumia, kabla ya kumpangia nasaha na kipimo cha kurudia baada ya miezi 3.

Mwishowe, mgonjwa naye akueleze alivyofahamu, kwa maneno yake mwenyewe.