Betri Mpya na Kengele ya Moshi Isiyonyamaza

Mwalimu afundishaye umeme aweza kuanza na swali hili: kengele ya moshi bwenini imetiwa betri mpya ya volti 9, mbona ingali ikitoa mlio mfupi kila baada ya muda?

Wanafunzi waipime betri peke yake kwa voltimita. Huenda wakasoma volti 9 kamili, wakazidi kutatizwa. Sasa waunganishe rezista ya omu 100 kwenye ncha zake kwa sekunde chache tu, maana hupata moto, na wapime tena. Tuseme sindano imeshuka hadi 7. Mkondo ni ampea 0.07, na volti 2 zimepotelea ndani ya betri; basi ukinzani wake wa ndani ni omu 29 hivi. Betri nzima ya alkali haipotezi hata nusu volti.

Kengele nyingi huipima betri ikiwa kazini, si ikipumzika. Iliyokaa sana dukani katika joto la Ifakara huwa mpya kwa jina tu.

Betri ikiwa nzima, tazameni vibati inapogusia. Unyevu wa masika huvitia kutu, nayo kutu ni ukinzani vilevile.