Kujumlisha Mvua kwa Misimu

Ndugu wanachama, tukipata picha ya jedwali la mvua ya Mwamanyili, mkoani Simiyu, tusitenge Masika na Vuli kama visiwani kwetu. Huko msimu wa mvua huanza Oktoba au Novemba hata Mei; Juni hadi Septemba ni kiangazi. Basi Oktoba hadi Desemba za mwaka mmoja tuziunge na Januari hadi Mei za mwaka unaofuata.

Tarakimu moja ikififia, tutazame jumla ya mwaka. Tuseme ni milimita 800, na miezi 11 inayosomeka ni 710: uliofifia ni 90. Lakini nafasi tupu si sifuri. Huenda mvua haikupimwa. Msimu wenye pengo hilo tuuandike “haukukamilika”, wala tusiuite mkavu kuliko yote.