Barua ya Malipo Yaliyochelewa: Zoezi la Barua za Kikazi

Katika kufundisha barua za kikazi tumezoea kuwapa wanafunzi barua ya kuomba kazi au ruhusa, ambayo ina jambo moja tu. Hapa twapendekeza barua yenye mambo mawili yanayovutana: mtayarishaji wa filamu anamweleza mwigizaji kwamba malipo yake yamechelewa, na kwamba ratiba ya kupiga picha imebadilika.

Mwalimu aanze kwa kueleza hali yenyewe. Mwigizaji ameahidiwa shilingi 900,000 kwa mafungu matatu yaliyo sawa. La kwanza lilikuwa la siku ya kutia sahihi mkataba, nalo limelipwa. La pili ni la siku ya kwanza ya kupiga picha. La tatu ni la siku ya mwisho. Kazi ilikuwa ianze ufukoni Bagamoyo tarehe 14 Aprili, lakini mvua za masika zimeizuia hadi tarehe 9 Juni.

Wanafunzi wengi wataandika hivi: "Kutokana na sababu zisizozuilika, malipo yako yatachelewa kidogo hadi picha zitakapoanza." Kisarufi sentensi hiyo haina kosa. Ila fedha zimefungwa na siku ya kazi. Siku ikisogea, nazo husogea kimyakimya, na mvua ikiendelea zitasogea tena. Anayebeba hasara ni mwigizaji, ambaye huenda alikwisha kukataa kazi nyingine kwa ajili ya mwezi huo wa Aprili. Baada ya kulijadili hilo, darasa lisomewe mfano huu:

"Ndugu,

Ulitarajia kupokea fungu la pili, shilingi 300,000, tarehe 14 Aprili. Hatukukulipa kwa kuwa mvua zimetuzuia kuanza kazi, na mkataba unalifunga fungu hilo na siku ya kwanza ya kupiga picha. Tunaomba radhi. Tutakulipa tarehe 30 Aprili, hata kama picha hazijaanza.

Tunapendekeza picha za Bagamoyo zipigwe tarehe 9 hadi 14 Juni, na tarehe 15 iwe siku ya akiba mvua ikinyesha. Tafadhali tujibu kwa maandishi kabla ya tarehe 5 Mei kama siku hizo zinakufaa."

Tukae kidogo juu ya vitenzi. "Hatukukulipa" humtaja mwenye deni, "hayakulipwa" humficha. "Tunapendekeza" lafaa kwa sababu siku za awali zilikuwa katika mkataba, na mkataba haubadilishwi na upande mmoja. Anayeandika "unatakiwa kufika" ameamuru pasipo haki. Radhi nayo yatosha sentensi moja, ingawa wanafunzi hupenda kuijazia nusu ukurasa.

Katika kusahihisha, barua apewe mwanafunzi mwingine aliye mahali pa mwigizaji. Aisome mara moja, kisha aseme atapokea kiasi gani, tarehe gani, na siku zipi asikubali kazi nyingine. Akilazimika kuuliza hata moja, mwandishi arudishiwe barua yake.