Kukumbushana Kuhusu Ripoti Zilizochelewa: Taja Jina, Kazi na Tarehe

Kila mwezi, wahudumu wa afya ya jamii hukabidhi kwa msimamizi wao takwimu za ziara za nyumbani kutoka kwenye kitabu cha MOH 514. Msimamizi huzijumlisha kwenye fomu ya MOH 515. Kitabu kimoja kikikosekana, jumla ya kitengo chote huwa pungufu, na nyumba za mhudumu huyo huonekana kama hazikutembelewa.

Tuchukulie mfano. Ripoti za Septemba zilitakiwa Ijumaa, tarehe 3 Oktoba 2025. Kufikia Jumatano, tarehe 8, wahudumu wawili kati ya kumi hawajaleta. Msimamizi anaandika kwenye kundi la simu:

“Hamjambo wapendwa. Wale hawajaleta ripoti, tafadhali leteni haraka iwezekanavyo. Tusiangushane.”

Ujumbe una adabu, lakini haumwambii mtu afanye nini. Neno “wale” halimtaji yeyote, kwa hivyo wanane waliokwisha kuleta wanaanza kuuliza kama zao zilipotea, na wawili wanaodaiwa wananyamaza. “Haraka” kwa mmoja ni leo jioni, kwa mwingine ni wiki ijayo. Haijulikani pia ni ripoti ya mwezi gani, wala ipelekwe wapi.

Kabla ya kuandika upya, msimamizi ahesabu siku kurudi nyuma. Tuseme jumla yake inatakiwa tarehe 15, naye anahitaji siku mbili za kazi kukagua na kujumlisha. Ijumaa, tarehe 10, ni Siku ya Mazingira, ambayo ni sikukuu, kisha wikendi inafuata. Siku zinazobaki za kukagua ni Jumatatu na Jumanne. Basi siku ya mwisho ya kupokea vitabu ni Alhamisi, tarehe 9.

Sasa anamwandikia kila mmoja wa wale wawili kando, si kwenye kundi:

“Habari ya asubuhi, dada. Sijapokea takwimu zako za Septemba za MOH 514, zilizotakiwa tarehe 3 Oktoba. Naomba ulete kitabu zahanati kesho, Alhamisi tarehe 9 Oktoba, kabla ya saa kumi jioni. Ijumaa ni sikukuu na zahanati haitapokea vitabu. Kama kuna kizuizi, nijulishe leo kabla ya saa kumi na mbili jioni. Asante.”

Sentensi ya kizuizi isiachwe. Huenda kitabu kimejaa na hakuna kingine, au mhudumu ameuguza mtoto. Tarehe peke yake haiwezi kutatua hayo, lakini jibu la leo linampa msimamizi muda wa kutuma kitabu kipya au kuzichukua takwimu mwenyewe.

Ikifika saa kumi na mbili bila jibu, ampigie simu jioni hiyo hiyo. Ujumbe wa pili ulio sawa na wa kwanza hufundisha watu kwamba tarehe iliyotajwa si tarehe ya kweli.