Umerudi Kamere na Vyombo vya Umeme Kutoka Saudia? Soma Kibandiko Kwanza

Wakazi wengi waliofanya kazi Saudia hurudi na vyombo vya umeme. Soketi za huko nyingi ni za matundu matatu ya mraba kama zetu, kwa hiyo plagi inaingia vizuri. Lakini plagi kuingia si dhamana kwamba chombo kitafaa. Umeme wa Kenya ni volti 240, nao hubadilika mara 50 kwa sekunde. Saudia hubadilika mara 60, na baadhi ya nyumba za zamani zilijengwa zikitumia volti 127.

Tuseme umeleta chaja ya simu, pasi na friji. Geuza kila kimoja na usome kibandiko chake.

Chaja imeandikwa `100-240V 50/60Hz`. Hii haina shida, itumie.

Pasi ina plagi ya vyuma bapa na imeandikwa `120V 60Hz 1200W`. Huko ilivuta ampea 10. Ukiiunganisha na volti 240, itavuta ampea 20 na kutoa wati 4800, yaani joto mara nne. Usitegemee fyuzi ya ampea 13 iliyo kwenye plagi, kwani inaweza kustahimili ampea 20 kwa zaidi ya nusu saa. Pasi itakuwa imeungua kabla ya hapo. Adapta ya dukani hubadilisha umbo la plagi tu, haipunguzi volti. Kinachohitajika ni transfoma ya kushusha volti, ya wati 1500 au zaidi. Kwa kawaida ni nafuu kununua pasi nyingine.

Friji imeandikwa `220V 60Hz`. Itawaka, na hapo ndipo mtu hudanganyika. Mota yake itazunguka polepole kwa takriban sehemu moja ya sita, huku ikivuta umeme mwingi na kupata joto. Ukisikia mngurumo mzito, au kompresa ikizima na kuwaka mara kwa mara, ichomoe. Transfoma haitasaidia hapa, kwa sababu haibadilishi idadi ya mizunguko. Friji ya kufaa huandikwa `50Hz` au `50/60Hz`.

Usikate plagi na kuunga nyaya kwa kukisia rangi. Hapa kwetu waya wa moto ni kahawia, wa nyutro ni bluu, na wa ardhi ni kijani chenye mistari ya njano. Katika nyumba za zamani, wa moto ni mwekundu na mweusi ni nyutro. Kwa mtindo wa Marekani, mweusi ndio wa moto na mweupe ni nyutro. Ukichanganya, swichi ya chombo inaweza kuzimwa na ndani bado kukawa na moto. Kazi hiyo mpe fundi mwenye leseni ya EPRA.

Anayesafiri kwenda ng'ambo naye asome kibandiko vivyo hivyo kabla ya kufunga mizigo.