Rangi Inayozaliwa Kwenye Barafu
Kijitabu kwa mafundi wa maabara za shule na vyuo

Mwaka 1858 mkemia Mjerumani Peter Griess alitangaza misombo aliyoipata kwa kukutanisha amini za aromati na asidi ya naitrasi. Leo tunaijua kama chumvi za diazonia: pete ya benzini iliyobeba atomi mbili za naitrojeni zinazotafuta nafasi ya kuondoka. Kazi yote ya fundi ni kuamua ziondoke au zibaki.

Anza na gramu 1 ya anilini. Iyeyushe katika mililita 10 za maji na mililita 3 za asidi hidrokloriki kali, kisha izamishe chupa katika barafu mpaka kipimajoto kisome chini ya nyuzi 5. Tia gramu 0.8 za sodiamu nitriti zilizoyeyushwa katika maji baridi, tone kwa tone, ukikoroga. Asidi isipunjwe: ikipungua, anilini iliyobaki huungana na diazonia na kutoa mashapo ya njano, na mavuno yako yamekwenda. Karatasi ya wanga na iodidi ikigeuka buluu mara moja, nitriti imetosha.

Sasa yeyusha gramu 1.5 za naftoli-2 katika mililita 20 za sodiamu hidroksidi ya asilimia 10, uipoze vilevile, umimine diazonia humo polepole. Rangi ya chungwa inayoelekea wekundu hutokea papo hapo. Hapa naitrojeni zote mbili zimebaki, zimekuwa daraja kati ya pete, na daraja hilo ndilo linaloleta rangi. Bidhaa hii ni Sudani I. Ni rangi ya nta na mafuta, si ya chakula. Mwaka 2003 Ulaya iliigundua katika unga wa pilipili, na hofu iliyofuata ilikuwa ya haki, maana inashukiwa kusababisha saratani. Vaa glavu, anilini yenyewe ni sumu inayopenya ngozi.

Ukisahau barafu, utaona mapovu. Ni naitrojeni inakimbia, maji yanachukua nafasi yake, na harufu ya fenoli inapanda. Anayeitaka fenoli hupasha moto kwa makusudi, asidi ikiwa nyingi, la sivyo fenoli hushikana na diazonia iliyosalia na kuwa lami.

Halidi zina njia yake. Kwa klorini na bromini hutumika chumvi ya shaba yenye valensi moja, CuCl au CuBr, kama alivyoonyesha Sandmeyer mwaka 1884. Iodini haihitaji shaba. Potasiamu iodidi pekee inatosha.

Usiikaushe kamwe chumvi ya diazonia ya kloridi ili uihifadhi. Ikikauka hulipuka kwa kukwaruzwa tu. Itumie ikiwa majini, siku hiyohiyo, na chupa ioshwe kwa maji mengi kabla matone ya shingoni hayajakauka.